Anayekataa kuuza P2 amwambie mteja ataipata wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule ndugu aliyeandika wiki jana kwamba mfamasia asilazimishwe kuuza P2, zile tembe za dharura za kuzuia mimba, kama dhamiri yake inamkataza. Mimi niko kaunta ya kemisti mwaka wa kumi na moja sasa, ni Mkristo, na kusema ukweli sehemu kubwa ya barua yake nakubaliana nayo. Lakini kuna kitu alikiruka na hicho ndicho kinaniuma, yaani mteja. Barua yote inaongea juu ya mfamasia na Mungu wake, yule msichana amesimama upande wa pili wa kaunta hatajwi hata mara moja.

Nimweleze niliyemwona. Jumatatu moja saa mbili asubuhi ndio nafungua, nakuta msichana ashafika ananingoja nje, mkononi ana mia mbili ameikunja mpaka imekuwa kama kijiti. Alikuwa na mpenzi wake Ijumaa kama saa nne usiku, kondomu ikapasuka. Jumamosi asubuhi akaenda kemisti moja ya karibu na kwao akaomba P2, akaambiwa mbele ya watu "hapa hatuuzi hizo vitu, enda uombe msamaha", basi akatoka mbio. Hakuambiwa ni wapi atapata, na kemisti nyingine iliyoko hapo ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Nikahesabu na vidole, Ijumaa saa nne usiku mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi ni masaa 58. Nikampa tembe zote mbili na maji, akameza mbele yangu, nikamwambia akitapika ndani ya masaa mawili arudi nimpe nyingine. Hakurudi, kwa hivyo kama ilimsaidia au la mimi sijui.

Sasa kwa nini masaa ni kitu kikubwa hivi. Watu wengi wanasikia P2 imezwe ndani ya "masaa 72" wanadhani dawa iko na nguvu ile ile mpaka saa ya 71 halafu inakufa. Sivyo. Mbegu ya mwanaume inaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hata siku tano ikingojea yai, na kazi ya P2 ni kuchelewesha yai lisitoke, hivyo tu. Mwili ukishaanza kupandisha ile homoni ya kusukuma yai litoke, P2 imechelewa, na yai likishatoka haina la kufanya. Kwa hivyo msichana ambaye yai lake lingetoka Jumapili, Jumamosi asubuhi pengine bado alikuwa na nafasi, Jumatatu hana tena, hata kama kwa saa bado yuko ndani ya 72. Hiyo Jumamosi ndiyo alinyang'anywa pale kaunta, na aliyemnyang'anya alienda kulala akijua amefanya jambo jema.

Na hapo kuna jambo ningependa wenzangu wa kazi walisikie vizuri. Wengi wanaokataa wanasema ni kwa sababu P2 inatoa mimba, inazuia yai lililorutubishwa lisijishike kwenye tumbo la uzazi, na siwalaumu sana maana hiyo habari ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za dawa zenyewe miaka mingi. Lakini wataalamu walipofuatilia wanawake waliomeza baada ya yai kutoka, waliona wanashika mimba kama vile hawajameza kitu. Ingekuwa inazuia yai kujishika, hawa ndio ingewasaidia. Desemba 2022 FDA, wale wanaosimamia dawa Marekani, wakaondoa hayo maneno kwenye karatasi ya Plan B, ambayo ni levonogestreli miligramu 1.5, dawa ile ile na kipimo kile kile cha P2 yetu. Sasa kama dhamiri yako ilisimama juu ya yale maneno basi nakuomba uiangalie tena. Kama unapinga uzazi wa mpango wote, hilo ni lingine, ni imani yako na siwezi kubishana nalo.

Ndugu alisema pia kule ng'ambo haki ya mfamasia inaheshimiwa. Inaheshimiwa ndiyo, lakini asome mpaka mwisho. Januari 2019, jimbo la Minnesota kule Marekani, mama mmoja wa watoto watano alipelekewa na daktari wake agizo la ella, hiyo ni tembe nyingine ya dharura, kwenye famasia ya kamji kadogo kanaitwa McGregor. Mfamasia akakataa kwa ajili ya imani. Kesho yake pengine angekuwepo mwingine wa kumhudumia, lakini dhoruba ya theluji ilikuwa inakuja na hakuna aliyejua kama huyo mwingine angefika kazini. Mama akaishia kuendesha gari kwenye hiyo theluji mpaka mji wa Brainerd, kwenda na kurudi zaidi ya maili 100. Alishtaki. Mwaka 2022 jopo la raia likasema hakubaguliwa ingawa aliumizwa moyo, lakini Machi 2024 mahakama ya rufaa ikasema kumnyima mwanamke dawa ya aina hiyo kwa sababu inahusu mimba ni ubaguzi wa kijinsia, ikaagiza kesi isikilizwe upya.

Jimbo la Washington naona walifikiri vizuri zaidi. Tangu 2007 sheria yao iko hivi, mfamasia mmoja mmoja anaweza kukataa, ila duka lenyewe haliwezi, lazima mwenzake awepo amhudumie mteja hapo hapo bila kumrudisha. Wenye duka moja walienda kortini wakapinga, mwaka 2015 wakashindwa kwenye rufaa, 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuwasikiliza. Hapa kwetu Katiba kifungu cha 32 kinalinda dhamiri ya mfamasia na cha 43 kinampa yule msichana haki ya afya ya uzazi, na mimi sioni kwa nini kimoja kimeze kingine wakati mpango mdogo tu wa shifti unaweza kuvibeba vyote viwili. Shida itabaki kwa ile kemisti yenye mtu mmoja, kijijini, na mwenye kemisti kama hiyo mimi namwambia wazi, kama huwezi kuuza basi ujue nani anauza na leo yuko wazi mpaka saa ngapi, umwambie mteja kwa sauti ya chini bila mahubiri.

Ah, na tena. Nimefanya kazi na mtu aliyekuwa anamkatalia msichana wa kidato cha nne, halafu mzee wa gari akija kuitisha hiyo hiyo P2 anamfungia na kumwambia karibu tena. Hiyo msiniambie ni dhamiri.

Mwenzangu ninayefanya naye kazi sasa ni Mkatoliki, hauzi P2 na aliniambia siku ya kwanza kabla hata ya kuvaa koti. Tukakubaliana, mteja akiitisha yeye ananiita tu "njoo kidogo" na mimi natoka nyuma namhudumia. Siku ambazo mimi sipo, ndani ya droo ya kwanza tumebandika namba za kemisti mbili zilizo karibu, moja iko wazi Jumapili, na anapiga kwanza kuhakikisha wanayo kabla ya kumtuma mtu. Miaka mitatu sasa hajauza hata pakiti moja, na sijasikia mteja akisema amefukuzwa.

Mhudumu wa kemisti,
Kisii