Barua kwa Mhariri: Nusu kwa nusu haifai kwenye nyasi

Bwana Mhariri,

Katika utabiri wa tenisi uliochapishwa kwenye ukurasa wenu wa michezo, nguvu ya kila mchezaji ilipatikana kwa kuchukua alama zake za Elo za jumla, yaani namba inayopanda akishinda na kushuka akishindwa, pamoja na alama zake za aina ya uwanja, kisha kutafuta wastani wa hizo mbili. Kutenganisha udongo, nyasi na sakafu ngumu ninaunga mkono kabisa: Pete Sampras alitwaa Wimbledon, inayochezwa kwenye nyasi, mara 7 lakini hakuwahi kufika hata fainali ya Roland Garros, inayochezwa kwenye udongo, na alama moja tu isingeweza kueleza mambo yote mawili. Ninachopinga ni ile nusu isiyobadilika.

Msimu wa nyasi ni wiki chache za Juni na Julai, na mchezaji anayetolewa mapema huumaliza akiwa na mechi tatu au nne. Ikiwa alama zake za nyasi zilianzia 1500, kama ilivyo desturi, hazijapata muda wa kupanda hadi kiwango chake halisi, na uchache wa mechi unasomeka kana kwamba ni udhaifu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wa kwanza ana alama 2050 za jumla na 1750 za nyasi, kwa mechi 5 tu; wa pili ana 1900 za jumla na 1880 za nyasi, kwa mechi 40. Kwa njia yenu wanakuwa 1900 na 1890, yaani karibu sawa, na wa kwanza anapewa nafasi ya asilimia 51 ya kushinda. Mimi ningegawa idadi ya mechi za nyasi kwa idadi hiyo hiyo ikiongezwa 20, na jibu liwe uzito wa alama za nyasi. Wa kwanza anapata moja ya tano, wa pili theluthi mbili. Alama zinakuwa 1990 na takriban 1887, na nafasi ya wa kwanza inafika asilimia 64.

Hiyo 20 si namba takatifu. Ipimwe kwa mechi zilizokwisha kuchezwa: kusanyeni zote ambazo mliyempa nafasi kubwa alipewa kati ya asilimia 60 na 70, mhesabu alishinda ngapi. Akishinda mara nyingi kuliko mlivyosema, alama zenu zimebanwa mno kuelekea 1500, na uzito wa uwanja upunguzwe. Wengine huanzisha alama za nyasi kutoka kwenye zile za jumla badala ya 1500, jambo linalopunguza kasoro hiyo tangu mechi ya kwanza.

Kwenye udongo na sakafu ngumu, ambako mechi ni nyingi, tofauti ya njia hizi mbili ni ndogo. (Sisi wa Lubumbashi tunajua pia kwamba udongo wa Septemba na ule wa mvua za Januari si uwanja mmoja, lakini hilo ni la barua nyingine.) Naomba tu kwamba, kabla ya Wimbledon ijayo, kando ya kila alama ya nyasi mchapishe idadi ya mechi zilizoizaa.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi