Friza ya milioni mbili: nipunguze kwa asilimia ngapi?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niwaulize wasomaji wanaoshika hesabu za biashara ndogo. Mbele yangu lipo daftari la duka la vyakula na vyombo hapa Chake Chake. Mwenye duka, mama wa makamo, anataka kutoa shilingi 2,000,000 dukani anunue friza kubwa ya kuuzia barafu na samaki. Hakopi kwa mtu. Tumekadiria kuwa akishalipa umeme na fundi, friza itamwachia 800,000 kila mwaka kwa miaka 4, kisha ataiuza kwa 400,000. Ukijumlisha ni 3,600,000, na kwake yeye mazungumzo yaliishia hapo.

Ila shilingi ya mwaka wa nne si sawa na ya leo, kwa sababu ya leo ingekuwa inazunguka dukani. Kwa hiyo mapato ya kila mwaka lazima yapunguzwe kwa asilimia fulani ndipo yalinganishwe na hiyo milioni 2. Kampuni kubwa huitafuta asilimia hiyo kwenye soko la hisa. Duka la Chake Chake halina hisa sokoni, wala hakuna jedwali la faida za maduka ya Pemba. Kilichobaki ni gharama ya fursa, yaani ile faida ambayo fedha hizi zingeleta kama zisingeingia kwenye friza. Mwenyewe alishtuka kusikia "asilimia", akadhani namwingiza kwenye riba. Hapana riba hapa, maana hapana anayekopesha. Ni kipimo cha faida anayoiacha.

Faida hiyo nimeitafuta dukani kwake. Mali iliyopo, kwa bei ya kununulia, ni 8,000,000. Akishatoa kodi, usafiri, vilivyooza na madeni yasiyolipika, kwa mwezi hubakiwa na 600,000. Alipogawa akapata asilimia 7.5 kwa mwezi, yaani 90 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho hakuna friza duniani itakayomfaa! Kosa la kwanza ni kwamba hajajilipa. Anafungua asubuhi na kufunga baada ya Isha, na kijana wa kumshikia duka angetaka 250,000 kwa mwezi. Hiyo ni ujira wa kazi yake, fedha hazikuizaa. Ukiitoa, faida ya mali inabaki 350,000, kama asilimia 52 kwa mwaka.

Kosa la pili ndilo kubwa. Asilimia 52 ni wastani wa mali yote, pamoja na sukari na unga vinavyotoka kila siku, na hivyo hataviacha kuagiza hata akinunua friza. Tunachotaka kujua ni faida ya milioni mbili za mwisho. Mwaka jana aliongeza mali kutoka milioni 6 hadi 8. Daftari linaonesha kuwa faida ya mwezi, baada ya gharama zilizoongezeka, ilipanda kwa 40,000 tu. Hiyo ni asilimia 2 kwa mwezi, 24 kwa mwaka. Sikuipandisha kwa kuweka faida juu ya faida, kwa sababu faida ya kila mwezi inakwenda nyumbani kwenye chakula na ada za skuli, hairudi kwenye mali.

Kwa asilimia 24, mapato ya mwaka wa kwanza yanagawiwa kwa 1.24, ya pili yanagawiwa kwa 1.24 mara mbili, na kuendelea. Mwaka wa kwanza unakuwa na thamani ya 645,000 za leo, wa pili 520,000, wa tatu 420,000, na wa nne, pamoja na bei ya kuiuza friza, 508,000. Jumla ni 2,093,000. Friza inapita, lakini kwa 93,000 tu. Nimejaribu viwango vingine: ukifika asilimia 26 na ushei, inaanza kula hasara.

Umeme nao umeleta ubishi. Pemba tunaupata kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na ukikatika kutwa nzima barafu inarudi maji. Mwenzangu mmoja alishauri nipandishe kiwango hadi 30 kwa ajili hiyo. Nimekataa. Kiwango kikubwa huwaumiza zaidi miaka ya mbali, na umeme unaweza kukatika wiki ya kwanza sawa na mwaka wa nne. Hasara hiyo nimekwisha kuitoa ndani ya zile 800,000. Nikiitoa tena kwenye kiwango nitakuwa nimeihesabu mara mbili.

Sasa shida yangu. Hiyo 24 imesimama juu ya tofauti ya 40,000. Kama kweli ilikuwa 45,000, kiwango kinakuwa 27 na friza haifai. Shilingi 5,000 za mwezi zinageuza uamuzi mzima! Na sina hakika nazo, kwa sababu nililinganisha miezi ileile ya miaka miwili, nikasahau kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Sehemu ya mauzo ya sikukuu imeangukia mwezi mwingine.

Nikajaribu njia ya pili. Nilimwuliza: ukitoa milioni 2 leo, ni kitu gani utaacha kuagiza? Hakufikiri mara mbili. Akanionesha rafu ya juu yenye mabeseni, ndoo na chupa za chai, vumbi limeshika. Vinakaa miezi 6 kabla ya kwisha, na baada ya vilivyopasuka vinaacha asilimia 9. Hiyo ni 18 kwa mwaka, na kwa 18 friza inapita kwa zaidi ya 350,000. Lakini anayekuja kwa beseni huondoka na sukari pia, na faida ya ile sukari rafu haioneshi.

Halafu ipo karafuu. Miaka mingine hukodi mikarafuu, akachuma, akaanika na kuuza kwa shirika la serikali, ZSTC. Bei anaijua, ila hajui mti utazaa kiasi gani, wala mvua itakuja lini karafuu zikiwa juani. Katika miaka 4 iliyopita alikodi mara mbili kwa milioni 2 zilezile: mara moja akapata 700,000, mara ya pili akapoteza 200,000. Kila mara fedha zilifungika miezi 5. Ukijumlisha na asilimia 2 za dukani kwa miezi 38 iliyobaki, wastani ni kama 25 kwa mwaka. Mwenyewe anaikumbuka ile 700,000 peke yake, na ndiyo anayotaka nitumie.

Maswali yangu ni matatu. Wenye uzoefu wa maduka, kati ya kipimo cha daftari na cha rafu mngeamini kipi, au mngechukua cha katikati? Je, ipo njia ya kuiondoa Ramadhani kwenye ulinganisho bila kungoja mwaka mwingine wa daftari? Na karafuu, ambayo humtoa dukani siku nyingi na mwaka mwingine haipo kabisa, inastahili kuhesabiwa kuwa fursa anayoiacha, wakati friza itakaa naye miaka 4 mfululizo?

Wassalaam,
Mshika daftari, Chake Chake