Barua ya wazi kwa waamuzi chipukizi wa Kigoma: nauachia mpira useme

Wanangu,

Nasikia fainali ya kombe la mtaa mmeipangia Machi. Simba na Yanga walicheza fainali yao ya 2021 pale Lake Tanganyika mwezi Julai, kiangazi kikavu. Nyinyi mtakuwa na matope.

Niliwahi kuchezesha fainali ya mvua nikakosea. Nikiieleza mwenyewe nitajitetea, kwa hiyo nauachia mpira wa siku ile usimulie.

"Walinipima asubuhi: gramu 430. Sheria inataka 410 hadi 450 mechi inapoanza. Nikishalowa hakuna anayeniuliza. Mimi nimeshonwa kwa mkono, na kila tundu la sindano ni mdomo. Kufikia mapumziko nilikuwa nimekunywa hadi kipa akinibutua siufikii mstari wa kati.

Kabla ya filimbi, refa alinidondosha katikati ya uwanja kutoka usawa wa bega. Nikadunda, akaridhika. Hakunipeleka golini upande wa ziwa, ambako viatu vya makipa vimechimba shimo miaka nenda rudi.

Dakika ya 71 beki wa Ujiji akanirudisha kwa kipa wake. Kwenye majani mabichi niliteleza kwa kasi kuliko alivyonituma, na kipa akarudi hatua mbili anisubiri. Halafu nikaingia dimbwini, nikakwama kama mtumbwi uliopanda mchangani. Mshambuliaji wa Kibirizi akawahi. Nikaenda wavuni taratibu, nikirusha maji.

'Refa, maji hayo!' beki akalia. Refa akaonyesha katikati."

Bao lilikuwa halali. Dimbwi ni sehemu ya uwanja, halihesabiwi kama mtu aliyevamia mchezo. Kosa langu lilikuwa la mapema zaidi, na lilikuwa la uvivu: katikati pameinuka, maji hukimbia, nami nilipima pale pale palipo pakavu.

Basi mvua ikinyesha, nendeni kwenye maboksi yote mawili. Udondosheni mpira, kisha usukumeni kwa mguu hatua kama kumi kuelekea golini. Usipodunda kabisa, au ukisimama ghafla majini, msianze. Waiteni manahodha waone kwa macho yao, subirini maji yanywee, mrudie. Mapumziko mpime tena, maana uwanja wa saa kumi si ule wa saa kumi na moja. Na katikati ya mechi, mkiona pasi za chini zinafia njiani mara kwa mara, simamisheni kabla ya bao. Likishaingia mmechelewa, mashabiki hawatawaamini, hata mkiwa sahihi.

Beki yule sasa anauza migebuka Ujiji. Hunipimia vizuri, wakati mwingine huniongezea mmoja. Akishanifungia mzigo huuliza kama nimeshakwenda kulitazama lile dimbwi.

Mzee wenu, refa mstaafu