Kwa Nini Kuchomoa Waya Mmoja Kuna Bei

"Mumechomoa waya mmoja tu, mwataka pesa yote hiyo?" Maneno haya sisi mafundi wa mtandao twayasikia mara kwa mara hapa Lamu, na safari hii yametoka kwa mwenye nyumba ya wageni kule Shela. Basi tueleze huo waya ulikuwa ukifanya nini.

Kuta za mawe za nyumba zile ni nene, waifai haipenyi vizuri, kwa hivyo kila ghorofa tunaipelekea waya wa mtandao na swichi yake ndogo, kisanduku cha matundu kinachogawa mtandao kwa vifaa kadhaa. Mfanyakazi aliyekuwa akifagia juu aliona ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Papo hapo nyumba nzima ikaganda.

Simu inapojiunga na mtandao hutoa ombi la anwani kwa vifaa vyote, na kazi ya swichi ni kulinakili ombi hilo kwenye kila tundu ila lile lilikoingilia. Hapa lilitoka tundu la 4, likarudi kupitia la 5, likanakiliwa tena. Hakuna kinachohesabu mizunguko na kulikatisha, na kila ombi jipya linaongezeka juu yake. Hiyo ndiyo lupu. Mafuriko yale hushuka mpaka kwenye ruta, na kwa kuwa waifai imo kwenye mtandao huo huo wa ndani, simu huonyesha ishara imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Utaijua kwa taa za swichi: zote hupepesa pamoja, mbio mbio, hata wageni wakiwa wamelala.

Mwenye nyumba alizima ruta akaiwasha. Ikatulia kidogo, ikaganda. Ndipo akachukua pini akabonyeza riseti, na mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri la kampuni ya intaneti, ikafutika. Kuutafuta waya hakukutuchukua muda. Kuipanga ruta upya ndiko kulikotula mchana, na boti hatupandi bure.

Swichi za bei nafuu kwa kawaida hazina kinga ya lupu, na wateja wengi hawataki kulipia zilizo nayo. Tunachofanya ni kuweka kinga kwenye ruta. Kwa ruta ya MikroTik, kama swichi ya juu imeungwa kwenye tundu la ether3:

```
/interface ethernet set ether3 loop-protect=on
```

Ruta hutuma ujumbe wake kila sekunde 5. Ujumbe huo ukiirudia, ruta hulifunga tundu lile kwa dakika 5, kisha hujaribu tena. Ghorofa yenye lupu itabaki bila mtandao, lakini nyingine zitaendelea. Pia waya usio na kazi tunauondoa pande zote mbili, na unaobaki tunaubandika jina kila ncha. Hilo nalo limo kwenye bei.

Ikitokea tena, chomoa waya za swichi mmoja mmoja huku ukitazama taa. Ule ambao ukitoka taa zinatulia, uache nje, utupigie. Pini usiiguse.