Anti, shemeji kafuta mwisho wa rekodi ya mzee ila lawama napewa mimi

Anti shikamoo. Saa hizi saa kumi alfajiri sijalala, nasikiliza sauti ya mzee inavyokatika katikati ya neno, narudisha nyuma, inakatika palepale.

Juzi tulimrekodi akiimba kwa Audacity, dakika 41 mfululizo, maiki moja, mwenyewe hataki kusimamishwa. Diski ilikuwa inakaribia kujaa, hilo kosa langu nakubali, na projekti sikuwa nimeisevu hata jina. Mzee yupo ubeti wa mwisho, programu ikaganda ikajifunga. Shemeji akasema mbele yake, "Ndo fundi wenu huyu?" Anti, mbele ya mzee!

Na mimi sikukurupuka ujue. Nilivyofungua tena likaja lile dirisha la Automatic Crash Recovery, nikabonyeza Skip ili kwanza nikopi, nikaingia folda ya SessionData nikakuta faili la .aup3unsaved, MB 400 na kitu. Nikajua mzee yumo, maana maiki moja kwa seting zetu inakula kama MB 10 kwa dakika. Nikalikopi kwenye diski ya nje, mwisho wa jina la kopi nikaandika .aup3, likafunguka. Dakika 38, nikatokwa machozi.

Kumbe pembeni palikuwa na kafaili kanakoishia -wal, MB 30 hivi, nikakaacha nikidhani takataka. Kumbe programu inaandikia humo kwanza halafu ndo inahamishia kwenye faili kubwa, kwa hiyo zile dakika tatu zilikuwa zimekaa humo. Yalitakiwa yakopiwe yote mawili na kopi zibaki na jina moja. Nimekuja kulijua asubuhi, nikakimbia kukachukua, ila usiku shemeji alikuwa ameshafungua programu akabonyeza Discard Selected eti "lisitusumbue". Ikafuta yote. Halafu anayeitwa mzembe ni mimi!

Programu ya kufufua mafaili nimejaribu, hamna kitu, laptopu ni ya SSD, na mimi nilishatoa wav nikaiweka humohumo (usiniulize kwa nini).

Mzee sitaki kumsumbua, katoka mbali na kifua kinambana. Ila akija akaimba ubeti ule mmoja ningeunganisha, ingawa akikaa tofauti na maiki kidogo tu mtu mwenye sikio atajua. Hapana, sitaki aje. Mke wangu anasema nimsamehe kaka yake. Sina kinyongo naye, ila lile neno mbele ya mzee angeweza kulimeza, si ndiyo?

Halafu jana jioni mzee kapiga simu kuuliza kama imerudi yote. Nikamwambia imerudi. Anataka kuisikiliza Ijumaa na wajukuu zake. Sasa Anti, namwambiaje, na je nimtaje shemeji au nibebe mwenyewe?