Shangazi, mgahawa wangu watu wanauita Jipu, na mume wangu naye anauita hivyo

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku, mwenzangu anakoroma, mimi usingizi umekataa. Jana jioni nilimsikia anaongea na simu nje ya mgahawa: "Nipo hapa Jipu, njoo." Wateja nimeshawazoea, lakini yeye? Mgahawa tumeuanza wote, na hilo jina tulilitafuta wote wawili.

Jina lenyewe ni Jirani Pumzika. Wateja wangu ni wapakiaji wa dagaa hapa Mwaloni na akina mama wanaoshuka na mizigo kutoka visiwani. Nilitaka mtu atue furushi, akae, ale sato wake kwa amani. Brela walilipitisha, nikaona mambo yamekwisha. Kumbe wao wanaangalia kama linafanana na la mwingine, watu watalikatia wapi siyo kazi yao.

Na siyo kwamba sikufikiri, Shangazi. Niliangalia herufi za mwanzo, J na P, hazina ubaya. Nilichosahau ni kwamba sisi mara nyingi tunafupisha kwa silabi. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa imekuwa Tamisemi, Baraza la Kiswahili la Taifa likawa Bakita. Basi ji ya jirani, pu ya pumzika. Na tangu enzi za Magufuli na kutumbua majipu, neno hilo ni usaha na ni mwizi wa ofisini pia. Nani anataka kula hapo?

Shemeji yangu anasema nimejitakia. Hotipoti zangu zilikuwa zinapotea kule kwenye mitumbwi, nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikaandika ubavuni JI. PU. Jina zima halikuenea, ningefanyaje? Kijana mmoja anayeshona nyavu akainyanyua juu: "Jamani, Jipu limefika!" Wakacheka mpaka wa mizani. Jioni ile nilikaa na pamba na dawa ya kutolea rangi, nikazifuta zote kumi na mbili. Kesho yake mtu akaniagiza, "Mama Jipu, leta wali wawili."

Sasa tunafungua tawi Buhongwa na ninatafuta jina jipya, ndiyo maana silali. Mume wangu alipendekeza Mapishi ya Victoria. Nikafungua daftari, nikachukua silabi ya kwanza ya kila neno, ile "ya" nikaiacha kwa sababu watu huiruka. Ma, halafu Vi. Nikalifunga daftari. Nikajaribu Nansio Samaki, maana kwetu ni Ukerewe. Ikatoka Nasa. Mteja anaswe kwenye chakula?

Mwisho nimefikia Tulizo, neno moja tu. Lina silabi tatu, fupi tayari, mtu hana sababu ya kulikata. Nikaona tatizo linaweza kurudi kupitia maneno ya pembeni, kwa hiyo "chakula na vinywaji" yatakaa chini kwa maandishi madogo, yasiwe sehemu ya jina. Hata yakiunganishwa inatoka Tuchavi, na Tuchavi sijui ni kitu gani. Nikampa binti yangu wa darasa la sita, nikamwambia litanie jina hili kama mnavyotaniana shuleni. Akakaa muda mrefu, akashindwa. Lile la kwanza sikumpa, na ninajuta.

Lakini Shangazi, huku Mwaloni ukimwambia bodaboda akupeleke Jirani Pumzika atakuzungusha mpaka Pasiansi. Ukisema Jipu anakushusha mlangoni. Kuna ofisi inachukua sahani 40 kila Ijumaa, na dada wa pale aliwahi kunionyesha simu yake: ameniandika Jipu Chakula. Nikiweka Tulizo kote, hao wataniona nimehama? Wengine watasema mgahawa umeuzwa. Kuna wakati nasema basi, liache, linaniletea wateja. Halafu nakumbuka ile sauti ya mume wangu kwenye simu, amelitamka kama jina la kawaida kabisa, hata hakugeuka kuangalia kama nipo.

Nilipomuuliza akasema, "Si ndivyo panavyojulikana?" Mimi sikumjibu. Nilikuwa nimeshika sufuria.

Fundi wa vibao anakuja Jumatatu na anataka malipo ya awali. Nimwambie aandike Tulizo Buhongwa tu, huku pabaki palivyo, au abadilishe kote na chini aandike "zamani Jirani Pumzika"? Sitaki hilo neno lingine liandikwe popote. Na huyu mwenzangu nimwambieje, Shangazi, bila kuonekana nagombana kwa sababu ya jina? Maana asubuhi atasimama pale pale nje na simu yake.

Mimi, mama wa Mwaloni
Mwanza