Bomba likipanda huku likihama pembeni: kipande cha mshazari kinakatwa urefu gani?

Wateja wengi hutuletea michoro miwili ya kiwanda, mmoja wa kutoka juu na mwingine wa ubavuni, wakitaka tukate vipande kwa kupima michoro hiyo. Bomba likinyooka hakuna tatizo. Tatizo huanza pale linapopanda na kuhama pembeni kwa wakati mmoja ili kukwepa boriti, kwa sababu urefu kamili wa kipande cha mshazari hauonekani katika mchoro wowote kati ya hiyo miwili.

Tuseme bomba la chuma la inchi 4 linatakiwa kupanda milimita 300 na kuhama kulia milimita 400, kwa elbo mbili za digrii 45. Zidisha 300 kwa 300 na 400 kwa 400, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata 500. Zidisha kwa 1.414, unapata 707, senta kwa senta. Katika mchoro wa juu kipande hicho huonekana kama 640, na katika wa ubavuni 583. Aliyepima mchoro wa juu atapungukiwa milimita 67, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa kuchomelea.

Elbo hiyo ya kuchomelea huchukua milimita 64 kutoka senta hadi mdomoni. Ondoa 128 kwa elbo mbili, na 6 kwa mapengo mawili ya weldi ya milimita 3. Kata 573.

Hata ukikata sawasawa, kazi bado inaweza kuharibika kwenye kuzungusha elbo. Hapa pembe ni digrii 37 kutoka usawa wa ardhi. Mzingo wa nje wa bomba la inchi 4 ni milimita 359, kwa hiyo digrii moja ni karibu milimita moja. Weka alama ubavuni kwa pima maji, pima milimita 37 kwa utepe kuelekea juu, weka hapo alama ya pili, na elekeza mgongo wa elbo upande ulio mkabala na alama hiyo ya pili. Ukikosea milimita 5 tu, ncha ya mbali itakwenda pembeni karibu milimita 44. Ndiyo maana tunashikiza kwa nukta za weldi kwanza, tunashusha timazi, tunahakiki 300 na 400, ndipo tunachomelea mzunguko mzima.

Tii isiwekwe kwenye mshazari kama tawi linatakiwa kupanda wima. Mdomo wake hautaweza kusimama wima. Iweke kwenye sehemu ya mlalo. Tii sawa ya inchi 4 ina milimita 105 kutoka senta hadi mdomoni, hivyo ikiungana moja kwa moja na elbo, acha angalau 172 senta kwa senta.

Ukituletea kazi, tupe vipimo vya senta ya bomba, si vya ngozi yake ya nje, pamoja na unene wa kifuniko cha kuzuia joto kama kipo.